Chupa, utambi na mchicha: maelezo niliyoyatoa kwenye mkutano wa mtaa

Mwenyekiti wetu wa mtaa, wajumbe wa mashina, mama zangu, kaka zangu, na vijana mliokuja na chupa mikononi kama tulivyoombana: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwenu nyote habari za asubuhi.

Mwenyekiti amenitambulisha kuwa ni bibi shamba mstaafu, na ni kweli kazi hiyo nimeifanya mpaka nilipoambiwa sasa pumzika. Jua la Dar es Salaam halisubiri hotuba ndefu, kwa hiyo naingia kwenye kazi. Leo tunatengeneza chungu cha mchicha kutokana na chupa ya maji ya lita moja na nusu, chungu kinachokunywa maji chenyewe kutoka chini, ili mpangaji mwenye kibaraza tu, au mwenye dirisha la nondo tu, apate mboga yake.

Nina sharti moja. Tukifika kwenye hatua, kila sentensi yangu itabeba hatua moja. Nikiisema, mnaifanya, mnamtupia jicho jirani, ndipo naleta nyingine. Nimekaa kwenye mafunzo mengi ambako mtu anasema kata, toboa, jaza na panda kwa pumzi moja. Watu wanapiga makofi, na wakifika nyumbani hakuna anayekumbuka kama kutoboa kulikuwa kabla ya kukata au baada yake.

Lakini kabla hamjashika visu, nieleze kwa nini nimechagua chungu cha namna hii na si zile chupa zinazoning'inizwa ukutani kwa kamba. Zile zinapendeza kwenye picha. Shida yake ni maji. Udongo ulio ndani ya chupa ni kidogo, na ukuta wa chupa ni mwembamba, kwa hiyo jua linaupiga udongo kutoka juu na pia kutoka ubavuni. Ukimwagilia asubuhi, nusu ya maji inapita moja kwa moja kwenye matundu na kumdondokea anayekaa chini, na saa tisa alasiri mche umeshalegea. Mtu akiona hivyo anaacha kutoboa matundu ili maji yabaki. Hapo mizizi inakosa hewa, inaoza, na udongo unaanza kunuka. Sasa sisi tutaweka maji chini, udongo juu, na katikati yao utambi wa kitambaa, kama ule wa koroboi unavyopandisha mafuta ya taa. Udongo ukikauka unavuta, ukishiba unaacha.

Chupa yenyewe iwe ya maji ya kunywa au ya soda, ile nyepesi inayoonesha ndani, yenye namba 1 katikati ya pembetatu kwenye kitako. Iliyowahi kubeba dawa ya wadudu, mafuta ya taa au petroli iwekeni kando kabisa, hata kama imeoshwa mara ngapi, kwa sababu tunapanda kitu cha kula. Na mnapoosha, tumieni maji ya kawaida na sabuni. Plastiki hii inaanza kulainika hata kabla maji hayajachemka, na chupa ikimwagiwa maji ya moto inajikunja kama mnavyoiona hii ya kijana wa pale mbele.

(Kicheko.)

Usijali mwanangu, nimekuja na nyingine.

Haya, tuanze na chupa. Toa karatasi ya nembo. Osha chupa ndani na nje. Simamisha chupa mezani. Pima sentimita 15 kutoka kwenye kitako. Weka alama hapo kwa maka peni. Zungusha karatasi ngumu kwenye chupa mpaka ncha zake zikutane, ukingo wake ukiwa juu ya alama. Chora mstari kufuata ukingo wa karatasi hiyo. Toboa tundu dogo juu ya mstari kwa ncha ya kisu. Ingiza mkasi kwenye tundu hilo. Kata kufuata mstari mpaka ulikoanzia.

Msicheke nikisisitiza karatasi. Mkato ukienda mawimbi, sehemu ya juu haikai sawasawa juu ya ile ya chini, inabaki mwanya, na mwanya huo nitaurudia nikifika kwenye mbu. Sasa kila mmoja ana vipande viwili. Kile chenye kitako ndicho kisima chetu. Kile chenye shingo, tukikigeuza kichwa chini, ndicho chungu.

Kingo zilizokatwa ni kali, zinaweza kumkata mtoto kidole. Washa pasi kwenye moto mdogo. Tandika karatasi ya foili juu ya uso wa pasi. Gusisha ukingo wa kipande kimoja kwenye foili kwa sekunde mbili au tatu. Inua uangalie kama ukingo umejikunja kidogo kuelekea ndani. Rudia kwa kipande cha pili. Asiye na pasi azungushie ukingo gundi ya utepe, inatosha. Ukingo wa kisima usiuchome sana, maana ukijikunja kupita kiasi mdomo wake unakuwa mdogo na chungu kinakaa juu juu, kinayumba.

Sasa kizibo, na hapa nataka watu wazima tu. Tokeni nje kwenye hewa, kwa sababu plastiki ikiyeyuka inatoa moshi usiofaa kuvutwa. Shika msumari mnene kwa koleo. Uweke kwenye mkaa mpaka upate moto. Weka kizibo juu ya kipande cha mbao. Toboa katikati ya kizibo kwa msumari huo. Zungusha msumari mpaka tundu lifikie unene wa penseli. Acha kizibo kipoe.

Tumefika kwenye utambi, na hapa nitakaa kidogo, maana chungu kizima kinategemea kitambaa hiki. Fulana kuukuu ya pamba inafaa sana. Jezi ya mpira haifai, kwa kuwa nyingi ni za nailoni au poliesta, na kitambaa cha namna hiyo mara nyingi hakipandishi maji vizuri. Kanga nazo siku hizi si zote za pamba, hata kama muuzaji anaapa. Msibishane naye, pimeni. Kata ukanda wenye upana wa vidole viwili na urefu wa sentimita 25. Mimina chai ya rangi iliyopoa kwenye kikombe. Tumbukiza ncha moja ya ukanda kwenye chai. Ning'iniza ncha nyingine juu ya kikombe. Subiri robo saa. Tazama rangi ya chai imepanda mpaka wapi.

Rangi ikipanda urefu wa kidole au zaidi, kitambaa hicho ni utambi. Ikibaki pale pale ilipotumbukizwa, rudisha kitambaa hicho kwenye kufutia meza. Mnaona hizi mbili nilizoning'iniza tangu asubuhi? Zote zinaonekana fulana. Hii ya kushoto chai imepanda mpaka karibu nusu, hii ya kulia imelowa ncha tu. Kwa macho usingezitofautisha.

Tuunganishe. Sokota ukanda wako wa pamba. Upitishe kwenye tundu la kizibo. Acha sentimita 10 zining'inie upande wa nje wa kizibo. Piga fundo legevu upande wa ndani ili utambi usichomoke. Funga kizibo kwenye shingo ya chupa. Geuza kipande hicho kichwa chini. Kiketishe juu ya kisima. Sukuma taratibu mpaka mabega ya chupa yakae kwenye ukingo pande zote.

Angalieni kwa ubavuni. Chini ya kizibo pamebaki nafasi ya vidole vitatu au vinne, na mkia wa utambi umelala kwenye kitako. Weka alama nje ya kisima pale kizibo kinapoishia. Shuka upana wa kidole kimoja. Chora hapo mstari wa pili. Huo mstari wa pili ndio kikomo cha maji, na kwa chupa hizi ni kama glasi moja hivi. Kale kanafasi kati ya maji na kizibo ni hewa ya mizizi. Anayejaza mpaka kizibo kizame anarudi kule kule kwenye udongo unaonuka.

Udongo nao una maneno yake. Mfinyanzi mtupu ukilowa unashikamana, ukikauka unapasuka na kuachana na utambi. Mchanga mtupu wa hapa pwani nao haupandishi maji mbali. Kwa hiyo tunachanganya. Pima makopo mawili ya udongo wa kawaida wa bustani. Ongeza kopo moja la samadi iliyoiva. Ongeza kopo moja la vumbi la makumbi ya nazi. Changanya kwa mkono. Nyunyiza maji kidogo kidogo huku ukichanganya. Finyanga konzi moja ya mchanganyiko. Fungua kiganja. Ibonyeze konzi hiyo kwa kidole.

Ikikaa bonge kisha ikavunjika ukiibonyeza, uko tayari. Ikichuruzika maji, ongeza makumbi. Isiposhikana kabisa, ongeza maji. Na samadi iliyoiva mtaijua kwa pua: haina harufu ya banda, inanuka udongo. Mbichi inaunguza mizizi, hasa kwenye chombo kidogo kama hiki ambacho mche hauna pa kukimbilia.

Jazeni sasa. Weka makumbi kidogo kwenye shingo kuzunguka utambi. Shika ncha ya juu ya utambi isimame katikati. Mimina mchanganyiko kuizunguka mpaka nusu ya chungu. Bonyeza kidogo kwa vidole. Laza ncha ya utambi juu ya udongo kwa mzunguko. Ongeza mchanganyiko mpaka zibaki sentimita mbili chini ya ukingo. Mwagilia kutoka juu mpaka maji yaanze kudondoka kwenye kisima.

Hatua hiyo ya mwisho wengi wanairuka, wanasema si chungu kinajimwagilia chenyewe? Kinajimwagilia kikishalowa. Utambi mkavu ndani ya udongo mkavu unachelewa sana kuanza, na mbegu haisubiri. Mara ya kwanza maji yapite juu, njia ilowe yote, ndipo chini kuchukue zamu. Yakizidi mstari wa pili, mwaga yanayozidi.

Mbegu za mchicha ni ndogo mno, ukizishika kwa vidole viwili unamwaga mia. Changanya mbegu kidogo na kijiko cha mchanga mkavu. Nyunyiza mchanganyiko huo juu ya udongo. Funika kwa udongo mwembamba usiozidi unene wa punje ya mchele. Nyunyiza maji kwa mkono. Weka chungu kivulini mpaka mbegu ziote. Kihamishie kwenye jua la asubuhi. Miche ikifika urefu wa kidole, ng'oa midogo ubakize mitatu. Mitatu, mama zangu. Najua mkono unasita kung'oa mche mzima, lakini glasi moja ya maji haiwezi kuwanywesha kumi. Na hiyo mliyong'oa inapikwa.

Kwa joto letu mtaanza kukata baada ya wiki tatu au nne. Kateni juu ya majani mawili matatu ya chini, utachipua tena. Matembele pia yanakubali, kwa kipande cha shina tu. Nyanya msiniletee, hiki ni chombo kidogo kwake.

Sasa mbu. Hili ndilo lililonifanya nikubali kuja, kwa sababu chombo chenye maji safi kivulini ndicho kinachopendwa na mbu wa dengue, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana. Dar es Salaam tumepata mlipuko wa dengue mwaka 2014 na tena 2019, kwa hiyo sisemi habari za mbali. Mbu huyu hutaga kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai yake yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakisubiri kulowa. Kutoka yai mpaka mbu mzima, kwenye joto letu, ni kama wiki moja mpaka siku kumi. Ndiyo maana kumwaga maji peke yake hakutoshi, na ndiyo maana nilipiga kelele kuhusu mkato ulionyooka.

Dawa yake ni soksi. Kila nyumba ina soksi iliyopotelewa na mwenzake. Chukua soksi ndefu ya rangi nyeusi au ya kijivu. Tumbukiza kisima ndani ya soksi. Ivute juu mpaka ipite maungio ya kisima na chungu. Ifunge hapo kwa raba bendi. Soksi hiyo imeziba mwanya wa mbu, na pia imeyatia maji giza. Maji yakikaa kwenye mwanga ndani ya chupa inayong'aa yanaota ukijani baada ya siku chache, na ukijani huo unashika utambi. Nyeupe za shule zinapitisha mwanga, ziacheni zivaliwe.

Kila Jumamosi, soksi ikiwa imevuliwa, fanya hivi. Inua chungu. Mwaga maji kwenye ardhi, si kwenye mtaro. Sugua ukuta wa kisima ndani kwa brashi na sabuni. Suuza. Jaza maji mapya mpaka mstari wa pili. Rudisha chungu. Vuta soksi juu. Ukikuta viluwiluwi vinacheza ndani, ujue mwanya upo au Jumamosi iliyopita ilirukwa.

Nimalizie na namna ya kujua chungu kinaumwa nini, kwa mfano wa mama mmoja jirani yangu. Aliniita nione chupa zake nne kibarazani. Mbili zilikuwa zimestawi. Ya tatu miche ilikuwa imelala, ya nne majani yamekuwa njano. Alikuwa ameshaamua kwamba zote zinahitaji mbolea. Tulivua soksi tukatazama mistari. Kwenye ya tatu, maji yalikuwa bado juu ya mstari kama alivyoyaweka juzi yake, na kidole kikiingia kwenye udongo kinatoka kikavu. Maji yapo, udongo una kiu: hapo shida ni utambi. Tulimwaga udongo tukakuta kipande cha soksi ya nailoni. Kwenye ya nne maji yalikuwa yamefunika kizibo, udongo unang'aa kwa ulowevu, ukinusa unavuta pua. Kijana wake alikuwa anajaza kwa jagi bila kutazama mstari. Mbolea haikuhusika kokote. Tulibadilisha utambi kwenye moja, kwenye nyingine tukamwaga maji na kuiacha kisima kitupu mpaka udongo wa juu ulipoanza kukauka. Ya tatu ilisimama. Ya nne mizizi ilikuwa imeshaoza, akapanda upya.

Utambi wa pamba nao huoza, maana ni pamba iliyo majini. Badilisheni kila mnapopanda upya, msisubiri ukatike.

Kuna mama ananyoosha mkono kule nyuma. Naam, mama. Anauliza kuhusu ule unga mweupe unaoota juu ya udongo, kwamba amewahi kuuona kwenye vyungu vyake na akadhani ni ukungu.

Swali zuri sana. Mama, maji unatumia ya bomba au ya kisima? Ya kisima. Basi hiyo ni chumvi. Visima vingi vya hapa mjini vina maji yenye chumvi chumvi, mnaijua hata kwenye sabuni isivyotoa povu. Kwenye chungu cha kawaida maji hushuka na kuosha chumvi ikatoka chini. Kwenye chungu chetu maji yanapanda, yanakauka juu, na chumvi inabaki pale pale juu. Ikizidi, kingo za majani zinakauka kama zimeunguzwa. Mchicha unavumilia kiasi, giligilani haivumilii. Kama una maji ya mvua, tumia hayo kwenye kisima. Kama huna, kila baada ya wiki mbili utakwangua kile cheupe kwa kijiko. Utakitupa mbali na vyungu. Utainua chungu juu ya ndoo. Utamwaga lita moja ya maji taratibu kutoka juu. Utaacha yachuruzike yote. Utayamwaga yaliyoingia kwenye ndoo. Ndipo utarudisha chungu kwenye kisima chenye maji mapya. Maji ya bomba yakitoka siku hiyo, tumia ya bomba kwa kazi hiyo.

Mkaa naona umeshashika. Waliochelewa na hawajatoboa vizibo waje huku nje, wawili wawili, na watoto wabaki upande wa mwenyekiti.